Tailizi, Mbao ama Mkeka wa Mbao? Baridi na Matope ya Kesses Ndiyo Yanaamua

Kama mko na boma Kesses, labda ushapigiwa hii simu. Nyumba ya mathee imefika mwisho mwisho, mabati iko juu, ukuta umepigwa lipu, slabu imekauka (wanasema), na sasa kazi umepewa wewe: "Si uko mjini, tuchagulie sakafu." Unaingia TikTok, unaona sebule ya msee Kileleshwa inang'aa kama kioo, unapiga skrinshoti, unatupa kwa gurupu ya familia. Anti anaweka vidole gumba vitatu. Imeisha hivyo.

Shida ni kwamba hiyo sebule ya Kileleshwa haijawahi kuonana na gambuti. Haina watoi wanne wanaotoka shule saa kumi na udongo mwekundu kwa soksi, haina ndoo ya maziwa inapita korido saa kumi na moja asubuhi, na haina kogo anayeamka usiku kwenda choo bila kuwasha taa. Kesses iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua inaanza kama Machi ama Aprili na inaweza kukuzungusha hadi Septemba, na baridi ya asubuhi kule haiombi ruhusa. Kama ulisomea Moi, Kampasi Kuu, unajua. Ulikuwa unaoga ukiwa umesimama juu ya slipasi ndio usikanyage ile sakafu.

Kwa hivyo kabla ujue rangi, jua vitu viwili: nini inaingia kwa mlango, na nini inapanda kutoka chini ya slabu. Hivyo viwili ndivyo vinakuambia uchukue tailizi, mbao ama mkeka. Na nikuambie mapema venye mimi naona: kwa nyumba ya watu wengi kule, jibu si moja. Ni tailizi kwa sehemu zinazolowa, mkeka kwa vyumba vya kulala, na mbao ya ukweli tu kama una doh na subira. Sebule ndiyo inapigania katikati. Acha nikupeleke polepole.

Anza chini, si dukani

Tuchukue nyumba ya kawaida ya huko. Vyumba vitatu vya kulala, kila kimoja mita 3 kwa 3.5. Sebule mita 4 kwa 4.5. Jikoni mita 3 kwa 3. Korido mita 5 kwa 1.2, na bafu na choo pamoja mita 2 kwa 1.5. Wanaishi watu saba, wageni wa Jumapili hawahesabiki.

Fundi atakuambia slabu iko sawa kwa sababu imepita siku 28. Hapo kuna mchanganyiko wa mambo. Siku 28 ni za nguvu ya zege, yaani imeshika vile inafaa kushika. Kukauka ni hadithi ingine. Maji ya ndani hutoka polepole sana, kama milimita moja ya unene kwa siku kwa milimita 50 za kwanza, halafu baada ya hapo inakuwa mwendo wa kobe. Slabu ya milimita 100 iliyomwagwa Mei, mvua ikinyesha, madirisha hayajawekwa vioo, inaweza kuonekana kavu juu na bado ina maji ndani Agosti.

Tailizi inaweza kuvumilia kidogo, ju unyevu unapata njia ya kutoka kwenye maungio. Mkeka hauna hiyo njia. Mkeka wa mbao ni plastiki. Ukiuganisha juu ya slabu yenye maji, umeifunika sufuria. Unyevu unapanda, unafika kwa gundi, gundi inalainika na kugeuka uji. Baada ya miezi kadhaa unaona viputo katikati ya chumba, kingo zinainuka kando ya ukuta, na kuna harufu ya godoro la bweni. Ukiinua kona unapata madoa meusi ya ukungu. Watu wanalaumu mkeka, wanasema ni feki. Mara nyingi mkeka hauna makosa.

Kuna kipimo ambacho hakikugharimu kitu. Kata karatasi ya nailoni kama sentimita 50 kwa 50, ile ngumu inayopitisha mwanga. Ilaze juu ya slabu na uibandike pande zote nne kwa selotepu pana, kusibaki mahali hewa inapita. Iache siku nzima, siku mbili kama una nafasi. Ukiinua ukipata matone ya maji chini ya nailoni, ama zege ya hapo imekuwa nyeusi kuliko ya kando, bado kuna maji. Fanya hivyo kila chumba, hasa kona ya upande wa mlima na chumba kilichopakana na bafu. Na ufanye wakati wa mvua. Ukipima Januari, jua likiwa kali, slabu itakuambia uongo mzuri sana.

Kama maji bado yako, uliza swali moja: wakati wa kumwaga slabu, ile karatasi nyeusi ya plastiki iliwekwa chini? Kama iliwekwa, ni maji ya ujenzi tu, ngoja yaishe, fungua madirisha. Kama haikuwekwa, maji yanatoka ardhini na hayataisha. Hapo una njia mbili. Unaweza kupaka slabu rangi ya epoksi ya kuzuia unyevu kabla ya mkeka, ambayo si ya bei ya kitoto, ama unaweka tailizi nyumba nzima na unanunua mazulia. Pia tembea nje uangalie. Kama ardhi imelingana na slabu ama imeipita, na maji ya mabati yanamwagika hapo hapo kando ya ukuta, chimba mtaro kwanza. Hakuna sakafu itakuokoa na hiyo.

Kwa nyumba ya zamani kuna mtego mwingine. Ile simenti nyekundu ya shosh, iliyopigwa polishi kila Jumamosi kwa miaka 20, imeshanyonya nta. Gundi ya mkeka haishiki juu ya nta, na simenti ya tailizi pia haishiki. Lazima ikwanguliwe ama ichongwe iwe na makwaruzo. Fundi akikuambia ataweka tu juu yake vile iko, mwambie asante, utampigia.

Tailizi: ngumu, safi, na baridi kama mapenzi ya kampasi

Tuseme ukweli, kwa matope hakuna kitu kinashinda tailizi. Unapiga deki, unamaliza. Maziwa yakimwagika, makaa ya moto yakianguka, mbwa akiingia, hakuna mkutano wa familia. Kwa hivyo jikoni, korido, bafu na ule mlango wa nyuma ambao kila mtu anatumia, weka tailizi bila kufikiria mara mbili.

Lakini dukani utapata aina nyingi na zote zinafanana. Kuna zile za kawaida za udongo, na kuna zile zilizochomwa kwa moto mkali zaidi hadi zinanyonya maji chini ya asilimia 0.5. Hizo za pili, wauzaji huziita poselini, ndizo za sakafu yenye kazi. Njia ya mtaani ya kutofautisha: geuza tailizi, weka tone la maji mgongoni. Likinyonywa haraka, hiyo ni ya ukutani ama ya chumba ambacho hakikanyagwi sana. Likikaa juu, hiyo ndiyo.

Halafu usichukue inayong'aa. Najua ndiyo iliyokupendeza. Tailizi inayong'aa ikipata maji na sabuni inakuwa barafu, na kwa nyumba yenye kogo hii ndiyo sehemu serious kuliko zote. Mzee akianguka na kuvunja nyonga, si ati unampeleka, anapakwa dawa, anarudi. Ni upasuaji, ni miezi kitandani, ni mchango wa harambee kwa gurupu ile ile mliyochagulia tailizi. Chukua zenye uso uliofifia, usiong'aa. Boksi zingine huandikwa herufi R na namba, kuanzia R9 hadi R13, na namba ikipanda ndivyo inavyoshika mguu vizuri. Jikoni tafuta R10, bafuni R11. Kama boksi haina kitu, omba maji kidogo dukani, mwaga juu ya sampuli, na uisugue na soli ya kiatu. Muuzaji akikuangalia vibaya, endelea tu.

Bafuni chukua tailizi ndogo ndogo. Zina maungio mengi, na hayo maungio ndiyo yanashika mguu. Pia ni rahisi kuzilaza kwa mteremko kuelekea kwa shimo la maji. Tailizi kubwa bafuni huacha dimbwi, halafu mnalaumiana nani hakupanguza.

Hesabu sasa. Jikoni mita 9 za mraba, korido 6, bafu 3. Jumla 18. Ongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika, inakuja karibu 20. Tailizi ya sentimita 60 kwa 60 mara nyingi hukaa nne kwa boksi, na boksi inafunika mita 1.44 za mraba. Gawanya, unahitaji boksi 14. Za bafuni zikiwa ndogo utazitoa kwa hiyo hesabu, boksi kama mbili hivi zinapungua, lakini umeelewa njia. Gundi ya tailizi, mfuko wa kilo 20 ama 25 unafanya kama mita 4 hadi 5 za mraba ukipakwa vizuri, kwa hivyo panga mifuko 5.

"Ukipakwa vizuri" ndiyo maneno ya kushikilia hapo. Fundi mwenye haraka huweka matonge matano ya gundi nyuma ya tailizi, nne kwa kona na moja katikati, anaikandamiza, anaendelea. Kwa macho iko fiti. Chini kuna mapango. Siku mguu wa kabati unakalia hapo, ama mtoi anaangusha mchi, tailizi inapasuka. Mwambie atumie mwiko wa meno, apake sakafu nzima mistari, na wewe ama mtu unayemwamini ainue tailizi moja ikiwa bado mbichi muone mgongo. Ukiwa umefunikwa karibu wote, bas, aendelee. Kazi ikiisha na kukauka, chukua sarafu, gonga kila tailizi. Sauti nzito ni sawa. Ikilia kama debe tupu, hiyo irudiwe kabla salio litumwe kwa M-Pesa. Baada ya hapo simu yake itakuwa mteja hapatikani.

Grauti, ile ya kujaza maungio, usichukue nyeupe. Udongo wa Kesses ni mwekundu na una tabia. Kwa wiki tatu nyeupe itakuwa rangi ya chai, na mathee atainama na brashi kila Jumamosi akijaribu kuirudisha. Chukua kijivu ama kahawia, na umwambie fundi aache nafasi ya milimita 3, si zaidi. Na ile dawa kali ya choo, yenye asidi, isipakwe kwa sakafu. Inakula grauti kidogo kidogo hadi maungio yanakuwa mitaro.

Sasa baridi. Watu hudhani tailizi ni baridi kuliko mbao, lakini ukipima na kipimajoto asubuhi, zote ziko sawa na hewa ya chumba. Tofauti ni kwamba tailizi inavuta joto la mguu wako haraka, mara kadhaa kuliko mbao, na slabu iliyo chini yake inaendelea kuvuta tu, haishibi. Mbao inavuta polepole, kwa hivyo ngozi yako inapata nafasi ya kuipasha. Ndio maana korido ya tailizi si shida, unapita. Lakini chumba ambacho mtoto anatambaa, ama mtu anashukisha miguu kutoka kitandani saa kumi na moja, hapo ni ngori.

Mbao: ndoto tamu, lakini ina masharti

Hakuna sakafu inapendeza mguu kama mbao. Na Eldoret hakujakosa mbao, maduka yamejaa. Hapo ndipo watu hudanganyika, ju mbao ya paa si mbao ya sakafu.

Saiprasi ni rahisi kupata lakini ni laini. Kiti kikivutwa kinaacha mfereji, na kisigino kinaacha alama. Mti wa gamu ni mgumu, lakini ukiwekwa kabla ya kukauka sawasawa unajipinda hadi misumari inatoka. Mvuli na mahogani ndizo za heshima, na bei yake ni ya heshima pia.

Mbao ni kama sponji. Mvua ikinyesha miezi sita inakunywa hewa yenye maji, inavimba. Ikifika Desemba hadi Februari, upepo mkavu, inasinyaa na unaanza kuona nafasi katikati ya ubao na ubao. Hiyo ni kawaida. Isiyo kawaida ni sakafu kuinuka katikati kama mgongo wa ng'ombe, na hiyo hutokea kwa sababu fundi alibana mbao hadi ukutani, haikupata pa kwenda. Lazima kuachwe karibu milimita 10 hadi 12 kuzunguka ukuta wote, halafu inafichwa na skatingi. Na mbao zenyewe zikae ndani ya hicho chumba, zimepangwa na hewa inapita katikati, wiki mbili hivi kabla ya kuwekwa ndio zizoee.

Utunzaji ndio umeniondolea tamaa, kwa nyumba ya watu saba. Huwezi kupiga deki na ndoo ya maji. Ni kufagia, halafu kitambaa kilichokamuliwa hadi karibu kikauke. Mchanga wa viatu unasugua vanishi kama msasa, kwa hivyo baada ya miaka michache unarudia kupiga msasa na vanishi, na familia yote inahamia jikoni wakati inakauka. Kama mathee anaishi peke yake na ana chumba kimoja cha kupumzikia, mpe mbao, atafurahi sana. Kwa korido ya watoi, hapana.

Usichanganye mbao na lamineti, zile mbao nyembamba za kufungana zenye picha ya mbao juu na vumbi la mbao lililogandishwa katikati. Lamineti za kawaida zikilowa kwenye maungio zinavimba kingo na hazirudi chini. Kwa Kesses, mimi naziruka.

Mkeka wa mbao: jina ni mbao, mwili ni plastiki

Huyu ndiye staa wa miaka hii. Kila bedsita iliyopigwa picha iko naye. Na kwa vyumba vya kulala ana hoja kweli. Ni rahisi kuliko tailizi ukihesabu na fundi, unawekwa siku moja, unapangusika, na asubuhi haukuumi kama tailizi. Lakini tusidanganyane, mkeka mwembamba uliogandishwa moja kwa moja juu ya slabu si joto la mbao. Ni baridi iliyopunguzwa makali. Ukitaka joto zaidi, tafuta ule wenye manyoya ama povu mgongoni, na kando ya kitanda bado weka zulia dogo.

Dukani usiulize unene peke yake. Juu ya ile picha ya mbao kuna ngozi ngumu inayopitisha mwanga, na hiyo ndiyo inakanyagwa. Ikiisha, picha inafutika na unabaki na madoa meupe mlangoni. Kwa chumba cha kulala ngozi ya milimita 0.2 ama 0.3 inatosha. Kwa sebule ya watu saba tafuta 0.5. Muuzaji asiyejua unaongea nini, endelea duka la pili.

Kupima kwake ndiko wengi huchomeka. Mkeka hukatwa kutoka kwa rola, na upana wa kawaida ni mita 2. Chumba chetu ni 3 kwa 3.5. Ukilaza vipande vikifuata ule urefu wa 3.5, unahitaji viwili, jumla mita 7 za rola. Ukivigeuza vifuate upande wa mita 3, bado ni viwili, lakini jumla ni mita 6. Chumba ni kile kile, umeokoa mita nzima. Kwa vyumba vitatu hizo ni mita 3, na ongeza tu sentimita 10 kwa kila kipande ju kuta za mafundi wetu hazijanyooka. Angalizo ni kwamba maungio yasianguke mahali kila mtu anapita. Sukuma kile kipande chembamba kikae chini ya kitanda, upande wa ukuta.

Slabu ikiwa na vimatuta, mkeka utavionyesha vyote, kila kokoto. Ifagiliwe, ikwanguliwe, mashimo yazibwe, halafu ifagiliwe tena. Baada ya gundi, sakafu isukumwe na kitu kizito kutoka katikati kwenda pembeni ndio hewa itoke. Miguu ya kitanda na meza ivalishwe vipande vya mpira ama kapeti, la sivyo inatoboa.

Halafu kuna jiko. Jioni ya baridi watu huingiza jiko la makaa sebuleni, na kaa moja likianguka kwa mkeka ni shimo jeusi papo hapo, huwezi kupangusa. (Na hata bila mkeka, jiko la makaa kwa chumba kilichofungwa linaua watu wakiwa usingizini. Hewa yake haina harufu. Liwashiwe nje na libaki nje.) Kama nyumba yenu ni ya jiko sebuleni na hakuna mtu ataachana na hiyo tabia, sebule iwe tailizi, mjadala umeisha.

Kama sivyo, kuna huyu binamu wa mkeka anaitwa SPC. Ni mbao ngumu za kufungana, unga wa mawe uliochanganywa na plastiki, unene kama milimita 4 hadi 6. Haziogopi maji kama lamineti na hazigandishwi, zinaelea juu ya slabu. Bei imepanda kidogo, lakini kwa sebule ya hii nyumba, mita 18 za mraba, mimi ndizo ningeweka. Sharti lake ni usawa. Chukua ile aluminiamu ndefu ya fundi wa lipu, ya mita 2, ilaze juu ya slabu. Ukiona nafasi ya zaidi ya milimita 3 chini yake, isawazishwe kwanza. Bila hivyo kila hatua itakuwa na mlio, halafu zile ndimi za kufungana zitavunjika.

Kwa hivyo hiyo nyumba yetu

Tailizi zisizong'aa jikoni, korido na mlango wa nyuma, ndogo ndogo bafuni. SPC sebuleni kama hakuna jiko. Mkeka vyumbani, kama nailoni imekubali. Kama nailoni imekataa, subiri, hata kama harusi ya dada iko karibu. Kwa siku hiyo tandikeni mazulia.

Halafu mlangoni, hiki ndicho kitu cha bei ya chini kuliko vyote: nje, chini ya paa, weka slabu ndogo iliyoachwa na makwaruzo na chuma cha kukwangulia matope, ndani ya mlango weka mkeka wa miguu mrefu, hatua mbili za mtu mzima, na rafu ya gambuti hapo kando. Matope yakiachwa hapo, grauti inadumu na ngozi ya mkeka inadumu.

Mkienda kununua, soma namba ya rangi na namba ya toleo kwenye kila boksi ya tailizi kabla zipakiwe kwa pikapu. Boksi mbili za jina moja lakini toleo tofauti zinaweza kutofautiana rangi, na utaona ukishamaliza kuweka. Boksi moja ibaki bila kufunguliwa, pamoja na kipande cha mkeka kilichokunjwa kama rola, si kukunjwa kama shati, na ubao mmoja ama miwili ya SPC. Viweke juu ya kabati kwa chumba cha mathee. Miaka 5 ijayo hiyo rangi haitakuwa dukani.